Kusaini sio kukubali: vile tulielezana upasuaji wa kujifungua kwa Kiswahili

Kila mtu hapa Isili anajua mama aliyepasuliwa akijifungua. Muulize swali moja tu: kabla ya kusaini ile fomu, ulielezwa nini? Wengi watakuambia, "Niliambiwa niweke saini hapa." Basi. Mtu amekatwa tumbo, na kitu pekee anachokumbuka ni kidole cha nesi kikimwonyesha mstari wa kuandika jina.

Wenye mnanifuata mnajua mimi si daktari. Niliacha chuo mwaka wa pili, na hata huko nilikuwa nasomea biashara. Lakini mwaka huu nimekaa kwa bench ya kliniki wiki baada ya wiki na wifi yangu, mke wa kakangu, na kazi yangu ilikuwa moja: kumfafanulia kwa Kiswahili vitu zinasemwa kwa haraka. Yeye ni Mborana wa Moyale. Kiswahili chake ni kizuri, ni kile cha sokoni na cha shule ya msingi, na ndicho tunaongea nyumbani. Na hapo ndio niligundua kitu: shida haikuwa Kiingereza peke yake. Hata ukitafsiri kila neno, bado mama anaweza kusikia kitu tofauti kabisa.

Chukua mfano wa kwanza. Nesi mmoja alimuuliza, "Mama, mko na mpango wa uzazi?" Alikuwa anamaanisha mpango wa kujifungua: atazalia wapi, atafika vipi, nani ataenda naye. Wifi akakunja uso, akajibu, "Hapana, mimi sitaki sindano." Kwa sababu mpango wa uzazi, kwa mtu yeyote aliyekulia Kenya hii, ni dawa za kuzuia mimba. Nesi akaandika kitu, akaita mtu mwingine. Mama amekaa pale anafikiria wanataka kumzuia kuzaa kabla hata hajazaa huyu.

Mfano wa pili ulikuwa noma zaidi. Daktari alikuwa anamweleza upasuaji unafanywa vipi, na kusema ukweli alikuwa anajaribu. Akasema, "Tunafungua kizazi, tunatoa mtoto, alafu tunafunga kizazi." Alimaanisha wanashona pale walipokata. Lakini kufunga kizazi kwa Kiswahili cha watu ni kukufanya usizae tena. Nilimwona wifi ameshika buibui yake kwa ngumi. Nikamwambia daktari, pole, sema "tunashona", usiseme "tunafunga". Akacheka kidogo, akarudia. Wifi akaachilia ile nguo.

Na msimcheke. Hiyo hofu haijatoka hewani. Mwaka wa 2014 kuna wanawake wanaoishi na virusi vya ukimwi walienda Mahakama Kuu Nairobi wakisema walifungwa mirija bila ridhaa ya kweli. Desemba 2022, katika moja ya hizo kesi, mahakama ilisema haki za mama zilikiukwa: aliingia thieta kujifungua kwa upasuaji, mirija ikafungwa, na hakuwa ameelezwa vile alipaswa kuelezwa. Kwa hivyo mama akiogopa neno, ana sababu.

Tangu siku hiyo tulikuwa na kamusi yetu ndogo. Kushona kizazi ni kufunga kidonda. Kufunga mirija ni kutozaa tena, na hiyo ni ridhaa yake peke yake, haiingizwi kimya kimya ndani ya ile ya upasuaji. Kutoa kizazi ni kukiondoa kabisa, na hufanywa damu ikikataa kusimama baada ya njia zingine kujaribiwa, kuokoa maisha. Mpango wa kujifungua tuliuita hivyo hivyo, mpango wa siku ya kujifungua, ili usichanganywe na ile ingine.

Sasa niwaambie kesi yenyewe. Huyu ni mtoto wake wa pili. Wa kwanza alizaliwa Moyale miaka mitatu iliyopita kwa upasuaji, kwa sababu alikuwa amekalia matako badala ya kichwa kutangulia. Kliniki ya hapa walipoona kovu, wakaandika herufi mbili kwa kijitabu chake, CS, kwa kalamu nyekundu, na wakamwambia atapasuliwa tena. Mtaani kila mtu anasema hivyo: ukishapasuliwa mara moja, umeingia kwa hiyo laini. Lakini si lazima iwe hivyo, inategemea. Na kitu kikubwa inategemea hakionekani kwa macho.

Kovu la ngozi halikuambii kovu la kizazi. Hii niliisikia kwa mkunga mmoja mzee wa ile kliniki, mama wa kuongea polepole, na ilinishtua. Mtu anaweza kuwa na alama nzuri ya kulala, chini kabisa karibu na nywele, na ndani kizazi kilikatwa wima, juu. Wa kinyume pia yupo. Ukikatwa kwa kulala, sehemu ya chini ya kizazi, hapo nyama ni nyembamba na hujikunja kidogo wakati wa uchungu, kwa hivyo kovu hustahimili vizuri. Ukikatwa wima sehemu ya juu, hapo ndipo nguvu zote za uchungu ziko, na kovu linaweza kuachana. Mama wa namna hiyo hujaribishwi kuzaa kawaida. Anapangiwa siku.

Kwa hivyo swali la kwanza halikuwa "unataka nini", lilikuwa "ulikatwa vipi ndani?" Wifi hakujua. Nani angejua? Tulipigia kakake simu Moyale, akaenda hospitali ile ya kwanza, akazungushwa siku mbili, mwishowe akatuma picha ya karatasi ya kutokea wodini. Ilikuwa imekunjwa na ina alama ya chai, lakini herufi zilisomeka: LSCS. Mkunga akasoma, akatabasamu. Hiyo inamaanisha sehemu ya chini, kwa kulala. Na sababu ya mara ya kwanza, mtoto kukaa matako, si sababu inayorudi lazima. Huyu wa sasa kichwa kilikuwa chini. Kukawa na njia mbili mezani.

Hapo ndio maelezo ya ukweli yalianza, na hapo ndio nilijifunza kwamba neno "hatari" ni bovu kwa hii kazi. Ukimwambia mama "kuna hatari ya kizazi kupasuka", anasikia kizazi kitapasuka. Neno halina kipimo. Mkunga alitupatia namba, zinatoka kwa miongozo ya madaktari wa uzazi wa Uingereza, na nikazigeuza ziwe matatu. Nikamwambia: chukua matatu 14, kila moja abiria 14, zote zimejaa akina mama wenye kovu moja la chini kama lako, na uchungu umeanza wenyewe. Hao ni kama mama 200. Kovu litaachana kwa mama mmoja. Mmoja kwa matatu zote 14. Lakini huyo mmoja, akiwa mahali hakuna thieta, anaweza kumpoteza mtoto na yeye mwenyewe aende pia.

Akanyamaza. Alafu akauliza swali la maana: "Na wangapi wanazaa kawaida mpaka mwisho?" Karibu watatu kati ya kila wanne. Yule wa nne anaishia kupasuliwa tu, na upasuaji wa ghafla katikati ya uchungu ni mgumu kuliko ule uliopangwa, maambukizi na damu vinazidi kidogo.

Upande wa pili, kupangiwa siku na kupasuliwa tena, kovu halipati nafasi ya kuachana kwa uchungu. Ni tulivu, unajua tarehe. Lakini kila upasuaji unaacha kovu jingine, na mimba inayofuata kondo la nyuma linaweza kujishikilia juu ya kovu na kukataa kutoka. Kadri upasuaji unavyoongezeka ndivyo hiyo inaongezeka. Mwanamke anayetaka watoto wawili hajali sana. Wifi anataka watano. Alisema hivyo bila aibu, na kakangu akaangalia dari.

Akachagua kujaribu kawaida. Kuna watu kwa familia walikasirika, pande zote mbili. Mamangu alitaka apangiwe siku iishe. Shangazi yake wa Moyale alitaka asiguswe na kisu kabisa, akasema hospitali za Nairobi zinapasua ndio zipate pesa. Na niwaambie, huyo shangazi sitamwita mjinga. SHA inalipa shilingi 10,000 kwa kuzaa kawaida na 30,000 kwa upasuaji, na kwa hospitali za kibinafsi bili inaruka juu zaidi ya hapo. Mtu yeyote wa biashara anaona hiyo tofauti. Lakini dawa ya shaka si kukataa, ni kuuliza. Maswali manne, na wifi aliyashika kichwani: Kwa nini? Kwa nini sasa hivi? Tukingoja nini kitatokea? Kuna njia ingine? Daktari mwenye sababu atakujibu yote manne kwa dakika mbili. Mwenye hana atakuambia uko na maswali mengi.

Hiyo ndiyo ridhaa yenyewe, kwa maoni yangu. Angalia maneno tena. Idhini unapewa na mkubwa wako, kama ruhusa. Ridhaa inatoka ndani yako, umeridhika. Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inasema mgonjwa aelezwe hali yake, njia zilizopo, faida, madhara na gharama, na haki yake ya kukataa, kwa lugha anayoielewa pale inapowezekana, na kwa namna inayolingana na elimu yake. Na mama mtu mzima mwenye akili zake anaridhia mwenyewe. Mume anaweza kushauriwa, ni vizuri ashauriwe, lakini mwili si wake. Mtu mwingine anaingia pale mama hawezi kuongea, na kama ni dharura ya kufa na kupona na hajawahi kukataa, madaktari wanaruhusiwa kuendelea.

Tulijua ameelewa vipi? Mkunga alikuwa na ujanja wake. Hakuuliza "umeelewa?", kwa sababu hapa kwetu jibu la hilo swali ni "ndio" kila wakati, hata kwa heshima tu. Alisema, "Shangazi yako akipiga simu leo jioni, utamwambia nini?" Wifi akaanza kueleza, akafika kwa sindano ya mgongo akasema, "alafu ninalala." Hapana. Mkunga akarudia hapo tu. Unakaa umeinama kama paka, unadungwa chini ya mgongo, miguu inakuwa mizito kama magunia, lakini uko macho. Utasikia kuvutwa na kusukumwa, husikii ukali wa kisu. Unaweza kutetemeka na kujikuna, ni dawa. Ukisikia ukali, sema hapo hapo. Mtoto hutoka dakika za mwanzo mwanzo, kazi ndefu ni kushona, yote pamoja kama dakika 45 hadi saa moja. Kabla ya hapo unawekwa dripu, mpira wa mkojo, na antibiotiki. Akaeleza mara ya pili, safari hii sawa.

Alafu tukakaa na ule mpango. Kwa mitandao mpango wa kujifungua ni mishumaa na orodha ya nyimbo, nimeona, ni content nzuri. Kwa kile kijitabu cha mama na mtoto cha serikali, ukurasa wake ni wa mambo ya chini: utajifungulia wapi, nani atakusindikiza, utafika na nini, nani atachangia damu, pesa iko wapi. Kwa mama mwenye kovu, hiyo mistari michache ndio inaweza kuamua.

Wapi: sio zahanati ya karibu, hata kama nesi wake ni rafiki. Mahali pana thieta na damu saa 24. Lini: uchungu ukianza tu, si kungoja ushike nyumbani kama wengine. Usafiri: uchungu ukianza saa mbili asubuhi na First Avenue imeshikana, boda haibebi mama wa namna hii, kwa hivyo tuliandika namba za majirani wawili wenye gari, mmoja anayeegesha upande wa Juja Road ili asifungiwe ndani ya mtaa. Damu: kakangu na binamu wawili walikubali kuchangia, na nikawaeleza kwamba damu ya ndugu haimwagwi moja kwa moja kwa mgonjwa, inapimwa, na mara nyingi inarudisha ile iliyotumika. Na chini kabisa wifi akaniambia niandike: "Nikipasuliwa, nielezwe mimi kwanza. Mirija isifungwe."

Uchungu ulianza usiku wa Jumanne. Saa sita tulikuwa wodini, mimi ndio msindikizaji, kakangu akaachwa nje ya geti kwa sababu wanaume hawakuruhusiwa kuingia. Mpaka saa tisa mambo yalikuwa sawa, njia ilifunguka sentimita saba. Alafu ikakwama hapo. Saa kumi, saba. Saa kumi na moja, bado saba. Nilikuwa nimeambiwa nichunge kitu kimoja: maumivu ambayo hayaondoki uchungu ukipita, hasa juu ya kovu, au damu, au uchungu kukatika ghafla. Hayo hayakuwepo. Lakini mapigo ya mtoto, ambayo yanafaa kuwa kati ya 110 na 160, yalianza kushuka hadi 90 kila uchungu ukija, na yalichukua muda kupanda.

Daktari akasema thieta. Nesi akaja na fomu, akapita wifi, akaniuliza mimi, "Mume ako wapi? Aje asaini." Sikujibu. Wifi, katikati ya uchungu, akasema, "Ni mimi napasuliwa. Nisomewe."

Sitataja hospitali, na yule nesi alikuwa na wodi nzima peke yake usiku huo. Lakini daktari kijana alisimama. Akasoma ile fomu kwa Kiswahili chake cha Kisii, dakika tatu hivi, akiwa tayari anavaa glavu. Wifi akauliza kwa nini, na kwa nini sasa. Njia imekwama masaa mawili, mtoto anachoka. Tukingoja? Anaweza kukosa hewa, na kovu linavutwa zaidi. Njia ingine? Kuna dripu ya kuongeza uchungu, lakini kwa mwenye kovu inaongeza nafasi ya kuachana, na kwa mapigo haya siipendekezi. Kulikuwa na mstari unaosema "na upasuaji mwingine wowote utakaoonekana wa lazima". Akauliza hiyo ni nini. Daktari akamwambia: damu ikikataa kusimama, tunaweza kulazimika kutoa kizazi, kama njia ya mwisho. Mirija haimo hapo. Akaandika kwa kalamu pembeni, mirija isifungwe, akaweka saini yake. Wifi akaweka yake, herufi zimepinda kwa sababu uchungu mwingine ulikuwa unakuja.

Je, kujaribu kawaida kulikuwa bure? Nimeulizwa hivyo sana. Alikuwa yule wa nne kati ya wanne, na alijua kabla kwamba huyo mtu yupo. Kakangu ndiye alilia nje ya geti, yeye hakulia. Msichana, kilo 3.4, alipiga kelele kabla hata hajafutwa.

Siku ya kutoka tuliomba karatasi ya upasuaji, sio ile ya bili tu. Inasema kizazi kilikatwa wapi, kovu la zamani lilipatikana likiwa zima, na damu ngapi ilitoka. Nimeipiga picha, imetumwa kwa watu watatu, moja iko Moyale. Akishika mimba ingine, na ameshauriwa angoje angalau mwaka mmoja na nusu hadi miwili, hakuna mtu atazungushwa siku mbili tena. Kwa sasa ameambiwa wiki sita asibebe kitu kizito kuliko mtoto, na sisi tunaishi ghorofa ya nne bila maji ya bomba siku nne kwa wiki. Hiyo pia tuliiandika kwa mpango, chini ya pesa. Mitungi ni ya kakangu. Leo asubuhi alikuwa amefika ya tano, anapumua kama matatu ya mlima.